Kenya: Saini 500 za mgombea huru wa udiwani hupimwa kwa sajili

Uchaguzi mkuu wa Kenya umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027, Jumanne ya pili ya mwezi huo kama katiba inavyoagiza. Atakayewania kiti cha wadi katika bunge la kaunti bila tiketi ya chama atapaswa kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 walioandikishwa katika wadi hiyo hiyo. Sharti hilo limo katika kifungu cha 193 cha katiba.

Neno lenye uzito hapo ni kuandikishwa. Mtu aweza kuishi wadini miaka 20 ilhali jina lake limebaki katika sajili ya kule alikozaliwa, na saini yake haihesabiki. Tuchukue mfano wa mgombea aliyekusanya saini 560 sokoni, mahali ambapo watu wa wadi mbili huchanganyika. Iwapo 70 kati yao wameandikishwa wadi ya jirani, husalia 490, na fomu yake haikidhi sharti. Kwa hiyo mgombea mwangalifu hulinganisha namba ya kitambulisho ya kila anayetia saini na sajili mapema, wala hangoji siku ya kukutana na msimamizi wa uchaguzi. Hapo awali kanuni zilidai pia nakala za vitambulisho vya waungaji mkono. Mahakama Kuu ilibatilisha dai hilo mwaka 2022.

Mtego wa pili umo katika kifungu cha 85. Mgombea huru hapaswi kuwa mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu inayotangulia siku ya kura, na kwa uchaguzi ujao hesabu hiyo inarudi nyuma hadi mapema Mei 2027. Kutokuwa na kadi si uthibitisho wa kutosha. Mwaka 2021 Wakenya wengi walipotazama kumbukumbu za Msajili wa Vyama vya Siasa walijikuta wameorodheshwa katika vyama ambavyo hawakupata kujiunga navyo.

Mgombea hujaza pia tamko la maadili. Mtumishi wa umma ambaye bado yuko kazini, aliyefilisika na hajaondolewa hali hiyo, na anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi hawaruhusiwi kugombea. Hata hivyo, katiba haimzuii mtu ambaye njia za rufaa hazijamwishia.

Fedha ndiyo sehemu nyepesi. Katika uchaguzi wa 2022 ada ilikuwa shilingi 5,000, na 2,500 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiyo ni ada, si dhamana, hivyo hairudishwi hata kwa mshindi.

Aliyekataliwa hupeleka malalamiko kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, ambayo sheria inaipa siku kumi kuyaamua. Asiporidhika, hufungua shauri katika Mahakama Kuu.