Jua la jioni na anga la mawingu katika picha za nje za majengo: Kitui na Makueni

Picha ya nje ya jengo ambalo bado halijajengwa hutengenezwa siku hizi kwa njia mbili: kwa programu ya usanifu inayokokotoa mwanga, au kwa programu inayozalisha picha kutokana na maneno. Katika njia ya pili mchoraji huandika agizo, na maneno mawili ya Kiingereza yametawala maagizo hayo: `golden hour`, yaani muda mfupi jua linapokuwa karibu na upeo wa macho, na `overcast`, yaani anga lililofunikwa kabisa na mawingu. Yote mawili hutaja hali ya picha bila kusema mwanga unatoka wapi na unaangukia nini. Programu hujaza pengo hilo kwa wastani wa picha ilizofunzwa nazo, na nyingi kati ya picha hizo zilipigwa mbali na ikweta. Kwa jengo la mji wa Wote, Makueni, au la mji wa Kitui, wastani huo hukosea kwa namna inayoweza kupimwa. Agizo linaloaminika ni lile linaloeleza matokeo ya mwanga juu ya kuta, vioo na ardhi.

Wote uko takriban digrii 1.8 kusini mwa ikweta na Kitui digrii 1.4. Katika latitudo hizo jua hushuka karibu wima, digrii 14 hadi 15 kwa saa, hivyo digrii 6 za mwisho humalizika kwa dakika 25 hivi. London mwezi Juni safari hiyohiyo huchukua takriban mara mbili ya muda huo. Lakini jambo zito zaidi ni mwelekeo. Mwaka mzima jua la Ukambani huzama ndani ya digrii 24 hivi za magharibi kamili, upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba. Maana yake ni kwamba ukuta unaotazama kaskazini au kusini haupati kamwe jua la jioni usoni. Ama hupigwa kwa ubavu, ama huwa kivulini kabisa. Picha nyingi za majengo ya eneo hili huonyesha uso mzima ukiwaka rangi ya dhahabu. Kwa jengo linalotazama magharibi hilo ni kweli. Kwa jengo linalotazama kaskazini au kusini ni mwanga ambao mwenye jengo hatauona siku yoyote.

Chukua jengo la orofa mbili la matofali ya kuchoma mjini Wote, linalotazama kaskazini kuelekea barabara ya murram yenye miembe ng'ambo. Mwishoni mwa Juni, yapata saa kumi na mbili kasorobo jioni, jua liko digrii 10 juu ya upeo na digrii 24 kaskazini mwa magharibi. Mtazamaji aliyesimama barabarani analiona likitokea kuliani, likisugua ukuta. Nguzo inayochomoza sentimita 30 hutupa kivuli cha sentimita 67 hivi kuelekea kushoto, huku upenu wa sentimita 60 ukiteremsha kivuli cha sentimita 26 tu. Uwiano huo ndio sahihi ya saa hiyo: vivuli vya pembeni ni virefu, vya juu ni vifupi. Programu iliyoambiwa `golden hour` peke yake mara nyingi hufanya kinyume, ikachora mstari mpana mweusi chini ya paa kama wa saa nane mchana kisha ikapaka rangi ya chungwa juu yake. Vivuli vyenyewe havipaswi kuwa vya kahawia, kwa kuwa kinachovimulika ni anga la buluu. Agizo la jengo hili linaweza kuwa hivi:

```
low sun from the right, raking along the front wall, clear sky,
pillars cast long shadows to the left across the brick,
shallow shadow under the eaves, shaded faces slightly blue,
lower windows reflect dim trees, upper windows pale blue sky
```

Mstari wa mwisho ndio unaosahaulika zaidi. Kioo huonyesha kile kilicho mbele yake, na mbele ya ukuta huu ni kaskazini, si machweo. Dirisha la chini, lililo karibu na kimo cha macho, huakisi miembe ya ng'ambo, tena ule upande wao wa kusini ambao jua la Juni haliufikii, kwa hiyo huwa hafifu. Dirisha la juu hutazamwa kutoka chini, na mwakisiko wake hupanda juu ya miti hadi angani. Vioo vyote vikiwaka chungwa kwenye uso wa kaskazini, picha imeshajikana. Isitoshe, kioo cha kawaida kikitazamwa moja kwa moja huakisi karibu asilimia 8 tu ya mwanga, na kiasi hicho hupanda sana mtazamo unapolala. Madirisha ya mwisho wa jengo refu, yanayoonekana kwa upande, ndiyo yanayostahili kung'aa kuliko yaliyo mbele ya mtazamaji.

Kwa uso huohuo mwezi Desemba, au kwa ukuta wa kusini mwezi Juni, anga la mawingu ndilo chaguo la haki, na si geni hapa: Juni hadi Agosti vilima vya Ukambani hupata asubuhi nyingi za mawingu ya tabaka. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mwanga huu hauna umbo. Katika kielelezo cha kimataifa cha anga la mawingu, utosi wa anga una mwangaza mara tatu ya ule wa upeo. Ndiyo maana ukuta wima hupokea takriban asilimia 40 tu ya mwanga unaofika ardhi tambarare, kabla ya kuhesabu ule unaorudishwa na udongo mwekundu. Sehemu zinazotazama juu huwa nyeupe zaidi kuliko kuta za rangi ileile, na kila palipofichwa anga, chini ya upenu, ndani ya baraza, chini ya gari, giza huingia polepole bila mpaka. Gari lisilo na giza chini yake huonekana likielea.

```
even grey overcast sky, brightest overhead, upward surfaces lighter than walls,
soft gradual darkening under the eaves, inside the veranda and beneath the car,
upper windows reflect pale grey sky, lower windows dark with trees,
dry matte red murram road
```

Maneno `no shadows` yameachwa kwa makusudi, kwani programu nyingi hukamata neno la kivuli na kupuuza kanusho lake, na hata likisikika hufuta giza la chini ya upenu linalohitajika. `dry matte` imewekwa kwa kuwa mawingu huiita mvua: bila neno hilo barabara hutoka imelowa na kumeremeta kama kioo, ilhali murram kavu haiakisi umbo lolote.

Kuna pingamizi mbili zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba mteja hununua uzuri, na dhahabu huuza. Ni kweli, na ukuta uliosuguliwa na jua huonyesha matofali kuliko mwanga wowote. Lakini hoja hiyo inadai tarehe na upande sahihi, haidai kubuni jua. Ya pili ni nzito zaidi: programu za maneno hazikokotoi pembe, kwa hiyo kuandika digrii ni kazi bure. Hilo pia ni kweli, na ndiyo sababu maagizo hapo juu hayana digrii hata moja. Hesabu hufanywa pembeni na mwandishi, kisha programu huelezwa kinachoonekana. Na pale programu ya usanifu inapokubali latitudo, tarehe na saa, ni bora kuitoa kwanza picha ghafi yenye vivuli vyake na kuipa programu ya maneno kama msingi. Hata hivyo uhakiki unabaki wa jicho na rula: chora mstari kutoka tako la kila nguzo hadi ncha ya kivuli chake kwenye ardhi tambarare, uuendeleze pande zote mbili. Kwa jua moja, mistari hiyo yote hukutana kwenye nukta moja ya upeo wa macho, au huwa sambamba ikiwa jua liko ubavuni kabisa mwa mtazamaji. Ikipishana, hakuna neno litakaloiponya picha hiyo, izalishwe upya.