Visima vya Chanzuru vinapotokea Ethiopia kwenye ramani

Umeorodhesha visima vya Chanzuru kwenye jedwali, ukalipakia Google My Maps, na nukta zikatokea Ethiopia. Huenda alama ya kutoa imesahaulika. Kilosa iko kusini mwa ikweta, hivyo latitudo yake ni karibu -6.8. Longitudo ni karibu 37, bila alama, kwani tuko mashariki.

Nukta zikiangukia baharini kusini mwa Hispania, safu zimebadilishana: 37 imesomwa kama latitudo. Zikienda pwani ya Algeria, yapo makosa yote mawili.

Safu zikibadilishana kwenye mistari yote, usihangaike kuhamisha namba. Pakia jedwali upya. Ramani ikiuliza, chagua safu sahihi ya latitudo na ya longitudo.

Alama ikikosekana, tuseme latitudo ziko safu B, andika hivi kwenye C2 iliyo tupu, kisha buruta hadi chini:

```
=-ABS(B2)
```

Latitudo zilizokuwa sahihi hazitaharibika. Pakia tena ukichagua safu C. Fomula hii hufaa Tanzania nzima, maana yote iko kusini mwa ikweta. Kenya au Uganda ingepotosha. Mstari wenye 0 mrudishie aliyepima.