Vidonge vya Thairoidi na Kahawa ya Asubuhi: Muda Unaopaswa Kupita

Mgonjwa anayetumia vidonge vya levothairoksini anapaswa kuvimeza kwa maji matupu, tumbo likiwa halina chakula, kisha asubiri dakika 30 hadi 60 kabla ya kunywa kahawa au kupata kifungua kinywa. Kwa mnywaji wa kahawa, saa moja kamili ndiyo nafasi iliyo salama zaidi.

Levothairoksini hutolewa kwa watu ambao tezi ya thairoidi, iliyopo mbele ya shingo, imeshindwa kutengeneza homoni ya kutosha. Upungufu huo huleta uchovu, kuhisi baridi, ngozi kavu, choo kigumu na kuongezeka uzito. Dawa hupimwa kwa mikrogramu, yaani sehemu ya milioni moja ya gramu, hivyo hata upungufu mdogo wa kiasi kinachoingia mwilini huweza kubadili hali ya mgonjwa.

Kidonge huanza kuyeyuka tumboni kwa msaada wa tindikali, na dawa hufyonzwa katika utumbo mwembamba. Hata inapotumika ipasavyo, si dawa yote inayofika kwenye damu. Kahawa ikinywewa pamoja nayo, kiasi hicho hupungua zaidi. Mwaka 2008, watafiti nchini Italia walichapisha matokeo ya kulinganisha watu waliomeza vidonge hivyo kwa maji na waliovimeza kwa kahawa. Kahawa ilipunguza dawa iliyofyonzwa kwa zaidi ya robo, kwa wagonjwa na kwa watu wenye afya waliojitolea. Watu haohao walipomeza dawa kwa maji na kunywa kahawa baada ya dakika 60, ufyonzwaji ulikuwa sawa na wa maji pekee.

Kuondoa sukari au kunywa kahawa chungu hakuondoi tatizo, na kuongeza maziwa hulizidisha, kwa kuwa kalisiamu iliyomo kwenye maziwa nayo hushikamana na dawa.

Tatizo hili halionekani kwa siku moja. Chukulia mfano wa mgonjwa aliyeandikiwa mikrogramu 100 kwa siku, ambaye kila asubuhi humeza kidonge kwa kahawa. Baada ya miezi miwili kipimo cha damu kinaonesha TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi kufanya kazi, ikiwa juu, ishara kwamba dawa haitoshi. Daktari asiyefahamu habari ya kahawa anaongeza dozi hadi mikrogramu 125, na kipimo kinachofuata ni kizuri. Kisha mgonjwa anaacha kahawa, au unaingia mwezi wa Ramadhani na anaanza kumeza kidonge usiku kwa maji. Sasa dawa inaingia kwa wingi kuliko hapo awali. Mapigo ya moyo yanakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unapotea na uzito unapungua. Dozi iliyokuwa imerekebishwa kwa ajili ya kahawa imekuwa kubwa kupita kiasi.

Kwa sababu hiyo, ratiba isiyobadilika ni muhimu kama dozi yenyewe. Anayeamka saa 12:00 asubuhi anaweza kumeza kidonge wakati huo kwa glasi ya maji na kunywa kahawa saa 1:00. Asiyeweza kusubiri asubuhi anaweza, kwa makubaliano na daktari, kumeza dawa wakati wa kulala, angalau saa tatu baada ya mlo wa mwisho. Anayefunga anaweza kupanga na daktari kutumia nafasi hiyo baada ya futari, au kuamka mapema na kuimeza dakika 30 hadi 60 kabla ya daku.

Saa moja haitoshi kwa vidonge vya madini ya chuma, kalisiamu na baadhi ya dawa za kutuliza kiungulia. Hivi vinahitaji kutenganishwa na levothairoksini kwa saa nne. Mama mjamzito anapaswa kuzingatia hili zaidi, kwa kuwa hupewa vidonge vya madini ya chuma kliniki, ilhali katika miezi ya mwanzo mtoto aliye tumboni hutegemea homoni ya mama katika ukuaji wa ubongo. Akimeza levothairoksini saa 12:00 asubuhi, vidonge vya madini ya chuma avimeze kuanzia saa 4:00.

Mgonjwa aliyezoea kumeza kidonge kwa kahawa hapaswi kuacha dawa wala kupunguza dozi mwenyewe. Amweleze daktari jinsi alivyokuwa akiitumia, aanze ratiba mpya, kisha apime TSH baada ya wiki sita hadi nane. Dawa hii hutoka mwilini polepole, na kipimo cha mapema zaidi ya hapo hakioneshi matokeo kamili ya mabadiliko hayo.