Historia ya nofollow na Wenzake Wawili

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, walianzisha kampuni ya Google. Njia yao ya kupanga kurasa waliiita PageRank, na wazo lake si gumu. Kiungo kinachotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kilihesabiwa kama kura. Ukurasa uliopigiwa kura nyingi, hasa na kurasa zenye sifa, ulipanda juu katika matokeo ya utafutaji. Basi kura zikawa na thamani, na kitu chenye thamani huibwa na hununuliwa.

Wizi ulitokea kwenye maoni ya wasomaji. Blogu za wakati ule zilimruhusu mtu yeyote kuandika maoni na kuacha kiungo. Wauzaji wa dawa na wenye michezo ya kamari walitumia programu zilizopita blogu moja baada ya nyingine, zikimwaga viungo usiku na mchana. Hawakujali kama kuna msomaji atakayevibofya. Walitaka kura tu. Januari 2005 Google ilitangaza kwamba kiungo chenye alama ya nofollow hakitahesabiwa tena kuwa kura. Yahoo na MSN ziliunga mkono, na programu za kuendeshea blogu zikaanza kuiweka alama hiyo zenyewe kwenye maoni. Je, uchafu uliisha? Haukuisha, kwa sababu kumwaga viungo ni kazi rahisi mno, na mwenye kumwaga hana haja ya kuangalia wapi vinahesabiwa na wapi havihesabiwi.

Ununuzi ulikuwa mgumu zaidi kuuona, maana kiungo kilicholipiwa kinafanana kabisa na kiungo cha kawaida. Kisa ninachokiona kuwa cha maana zaidi ni cha Januari 2012. Wanablogu walikuwa wamelipwa kuandika makala zenye video ya kutangaza Chrome, kivinjari cha Google yenyewe. Wakaguzi wa Google walipochunguza, walikuta makala moja ya kulipiwa yenye kiungo kwenda ukurasa wa Chrome bila nofollow. Kwa sababu hiyo waliushusha ukurasa wa kampuni yao wenyewe kwa muda usiopungua siku 60. Sheria ilikuwa imemkamata mwenye sheria, tena kwa kiungo kimoja!

Mwaka 2016 Google ilifafanua kwamba hata zawadi ni malipo. Mwanablogu akipewa bidhaa bure ili aiandikie, kiungo chake kwenda kwa mtoaji kisihesabiwe kuwa kura.

Hadi hapo neno moja lilibeba mizigo miwili isiyofanana: maoni ya wageni na matangazo. Septemba 2019 Google ikaongeza maneno mawili, sponsored kwa viungo vya malipo na ugc kwa viungo vilivyoandikwa na wasomaji. Siku hiyohiyo ilisema kwamba alama zote tatu sasa zitachukuliwa kama dokezo, si amri.

Tuseme mwanablogu wa Kampala anaandika kuhusu majiko. Duka limempa jiko moja bure ili alisifu. Kiungo kwenda duka hilo anakiandika hivi:

```html
<a href="https://example.com/jiko" rel="sponsored">duka</a>
```

Ataweka sponsored pia kwenye kiungo kinachomletea kamisheni mnunuzi akinunua. Chini ya makala msomaji ameacha kiungo cha blogu yake. Hapo panafaa ugc, na WordPress huiweka yenyewe pamoja na nofollow. Katikati ya makala anataja tovuti ya kitapeli ili kuwaonya watu. Hakulipwa, wala si msomaji aliyeandika, lakini hataki kuipigia kura. Hapo ndipo nofollow inapobaki na kazi yake. Na kiungo kwenda ripoti ya moshi wa kuni aliyoisoma na kuiamini hakihitaji alama yoyote.

Wengine kwa woga huweka nofollow kwenye kila kiungo. Kwa maoni yangu huko ni kuwanyima haki wale uliojifunza kwao, na Google haiombi hivyo. Matangazo ya zamani yenye nofollow si lazima yabadilishwe, kwa kuwa alama hiyo bado inakubalika kwa malipo.

Kukagua ni rahisi: fungua msimbo wa ukurasa, tafuta kiungo, usome kilichoandikwa ndani ya rel. Ukikuta noopener peke yake, usidhani kazi imekwisha. Neno hilo linahusu usalama wa dirisha jipya linalofunguka, na kura inapita kama kawaida.