Jinsi siku ya Kupaa, Pentekoste na sikukuu nyingine zinavyohesabiwa kutoka Pasaka

Krismasi huwa tarehe 25 Desemba kila mwaka, na hakuna anayehitaji kuitafuta. Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana sivyo ilivyo. Mwaka 2024 iliadhimishwa tarehe 9 Mei, mwaka 2025 ikawa tarehe 29 Mei, na mwaka 2026 imepangwa tarehe 14 Mei. Kwa wakazi wa Burundi na wote wanaosafiri kwenda huko kwa biashara au kwa shughuli za ofisini, jambo hili si la waumini peke yao. Nchini humo siku ya Kupaa ni sikukuu ya kitaifa, na ofisi za serikali hufungwa. Nchini Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda siku hiyo ni ya kazi kama kawaida. Anayevuka mpaka akidhani kwamba kalenda za majirani hawa zinafanana anaweza kufika Bujumbura Alhamisi asubuhi na kukuta milango imefungwa.

Kuijua tarehe hiyo mapema hakuhitaji elimu ya nyota. Kinachohitajika ni kuijua tarehe ya Pasaka, kisha kuhesabu siku kwa namna ambayo Kanisa limekuwa likihesabu tangu zamani.

Pasaka ndiyo mzizi

Kwa Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na makanisa mengi ya Kiprotestanti, Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake. Mwezi huo mpevu husomwa katika majedwali ya Kanisa, wala hausubiri mtu auone angani. Mwaka 2026 majedwali hayo yanauweka Alhamisi, tarehe 2 Aprili. Jumapili inayofuata ni tarehe 5 Aprili, na hiyo ndiyo Pasaka.

Kutokana na kanuni hiyo, Pasaka haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Katika nafasi hiyo ya siku 35 ndimo inamosogea mwaka hadi mwaka, na kila sikukuu iliyofungwa kwake husogea pamoja nayo kwa idadi ileile ya siku.

Siku ya Pasaka ni ya kwanza

Hapa ndipo wengi hukosea. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza kwamba Yesu aliwatokea wanafunzi wake kwa muda wa siku arobaini baada ya kufufuka, kisha akapaa. Msomaji huchukua tarehe ya Pasaka, akaongeza 40, na kupata jibu lisilo sahihi. Sababu ni kwamba katika hesabu ya kale siku ya kuanzia nayo huhesabiwa. Pasaka yenyewe ni siku ya kwanza, Jumatatu ya Pasaka ni ya pili, na kuendelea.

Hesabu hiyo si ngeni kwa Wakristo, kwani ndiyo iliyomo katika maneno yanayosema kwamba Yesu alifufuka siku ya tatu. Alikufa Ijumaa na kufufuka Jumapili. Kwa hesabu ya leo, mtu angesema zimepita siku mbili. Kwa hesabu ya kale, Ijumaa ni ya kwanza, Jumamosi ya pili na Jumapili ya tatu.

Kwa hiyo, siku ya arobaini hupatikana kwa kuongeza 39 kwenye tarehe ya Pasaka, si 40. Vivyo hivyo, Pentekoste, ambayo jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya siku ya hamsini, hupatikana kwa kuongeza 49. Hamsini hiyo ilikuwapo kabla ya Ukristo. Wayahudi walikuwa na Sikukuu ya Majuma, iliyohesabiwa majuma saba kutoka siku za Pasaka yao, na Matendo ya Mitume inaeleza kwamba Roho Mtakatifu aliwashukia wanafunzi sikukuu hiyo ilipowadia.

Mfano wa mwaka 2026

Tuchukue Pasaka ya tarehe 5 Aprili 2026. Mwezi wa Aprili una siku 30, hivyo kutoka tarehe 5 hadi mwisho wa mwezi kuna hatua 25. Ili kutimiza 39 zinabaki hatua 14, nazo zinafikia tarehe 14 Mei. Siku hiyo ni Alhamisi, nayo ndiyo siku ya Kupaa.

Kwa Pentekoste, hatua zilezile 25 za Aprili zinaacha 24 ili kutimiza 49. Tarehe ni 24 Mei, siku ya Jumapili.

Pasaka inapoangukia mwezi wa Aprili, hesabu hiyo inaweza kufupishwa. Ongeza 9 kwenye tarehe ya Pasaka, nawe utapata tarehe ya Kupaa katika mwezi wa Mei. Ongeza 19, utapata tarehe ya Pentekoste. Tarehe 5 inatoa 14 na 24. Jumla ikizidi 31, ondoa 31, na kinachobaki ni tarehe ya Juni. Pasaka ya mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20 Aprili: kuongeza 9 kunatoa 29 Mei, na kuongeza 19 kunatoa 39, yaani tarehe 8 Juni.

Pasaka ikiwa Machi, badala ya kuongeza, hupunguzwa. Ondoa 22 kupata Kupaa, na ondoa 12 kupata Pentekoste, zote katika mwezi wa Mei. Mwaka 2027 Pasaka ni tarehe 28 Machi, hivyo Kupaa ni tarehe 6 Mei na Pentekoste ni tarehe 16 Mei. Ni Pasaka ya tarehe 22 Machi pekee inayoacha sifuri, na hapo Kupaa huwa tarehe 30 Aprili.

Mwezi wa Februari hauingii kabisa katika hesabu ya mbele. Mwaka mrefu wenye siku 29 za Februari hauibadilishi. Unaigusa Jumatano ya Majivu tu, ambayo huhesabiwa kurudi nyuma siku 46 kutoka Pasaka.

Namna ya kutambua kosa

Siku ya juma ndiyo shahidi. Kwa kuwa Pasaka ni Jumapili daima, siku ya arobaini haina budi kuwa Alhamisi, na siku ya hamsini haina budi kuwa Jumapili. Aliyeongeza 40 kwenye tarehe 5 Aprili 2026 atapata 15 Mei, siku ya Ijumaa. Aliyeongeza 50 kwa Pentekoste ataangukia Jumatatu. Jibu lolote la namna hiyo linaonyesha kwamba siku ya Pasaka yenyewe imesahauliwa katika hesabu.

Hata hivyo, mtu anaweza kusikia parokia ikitangaza Kupaa siku ya Jumapili, na hilo lisiwe kosa. Kanuni za Kanisa Katoliki zinaruhusu kwamba, mahali ambapo Alhamisi hiyo si siku ya lazima kuhudhuria misa, adhimisho lihamishiwe Jumapili inayofuata. Mwaka 2026 Jumapili hiyo ni tarehe 17 Mei. Kilichohama hapo ni adhimisho la ibada, wala si hesabu ya siku arobaini. Nako kuhama huko hakuigusi kalenda ya serikali: siku ya mapumziko hufuata sheria ya nchi.

Baada ya Pentekoste

Hesabu haikomi siku ya hamsini. Jumapili inayofuata Pentekoste ni ya Utatu Mtakatifu, siku 56 baada ya Pasaka. Alhamisi inayofuata Utatu ni sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, siku 60 baada ya Pasaka, ambayo nayo sehemu nyingi huhamishiwa Jumapili. Wakatoliki huongeza sikukuu ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, siku ya Ijumaa, siku 68 baada ya Pasaka. Kwa mwaka 2026 mpangilio ni huu:

- Pasaka: Jumapili, 5 Aprili
- Kupaa kwa Bwana: Alhamisi, 14 Mei
- Pentekoste: Jumapili, 24 Mei
- Utatu Mtakatifu: Jumapili, 31 Mei
- Mwili na Damu ya Kristo: Alhamisi, 4 Juni, au Jumapili, 7 Juni
- Moyo Mtakatifu wa Yesu: Ijumaa, 12 Juni

Walutheri huutumia Utatu kama nguzo ya kuhesabia Jumapili zinazofuata hadi mwisho wa mwaka wa Kanisa. Mwaka 2026 kuna Jumapili 25 kati ya Utatu na Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 29 Novemba. Pasaka ikichelewa, Jumapili hizo hupungua, ikiwahi, huongezeka. Mwaka 2038 Pasaka itafika ukingoni kabisa, tarehe 25 Aprili. Kupaa itakuwa tarehe 3 Juni na Pentekoste tarehe 13 Juni, na haziwezi kuchelewa zaidi ya hapo.

Waorthodoksi: hesabu ileile, mwanzo tofauti

Waumini wa Kiorthodoksi wa Kenya, Uganda na Ethiopia nao huhesabu arobaini na hamsini kwa namna hiyohiyo. Tofauti iko kwenye mzizi, kwani Pasaka yao hutafutwa kwa kalenda ya kale ya Juliasi na majedwali yake. Miaka mingine Pasaka hizo mbili hukutana, kama ilivyokuwa tarehe 20 Aprili 2025. Mwaka 2026 Pasaka yao ni tarehe 12 Aprili, juma moja baadaye, hivyo Kupaa yao ni tarehe 21 Mei na Pentekoste yao ni tarehe 31 Mei. Mwaka 2027 pengo linapanuka hadi majuma matano, kwa kuwa Pasaka yao ni tarehe 2 Mei.

Kwa hiyo, anayeambiwa tarehe ya Kupaa ambayo haiafikiani na aliyoipata mwenyewe afanye mambo mawili kabla ya kukata shauri. Kwanza aangalie kama ni Alhamisi. Ikiwa ni Alhamisi, aulize ni Pasaka ya kanisa gani iliyotumika kuanzia hesabu. Kwa safari ya Burundi, inayofunga ofisi ni ile inayotokana na Pasaka ya Kanisa la Magharibi, yaani Alhamisi ya tarehe 14 Mei 2026.