Mkondo geu na mkondo mnyoofu: kwa nini simu haichomekwi ukutani bila chaja

Chukua chaja ya simu yako uyasome maandishi madogo yaliyo ubavuni. Mara nyingi utakuta mstari unaosema INPUT: 100-240V~ 50/60Hz, na chini yake mwingine unaosema OUTPUT: 5V ⎓ 2A. Kiwimbi kidogo kilicho kwenye mstari wa kwanza ni alama ya mkondo geu. Mstari mnyoofu wenye vikato chini yake ni alama ya mkondo mnyoofu. Kazi yote ya chaja ni kugeuza wa kwanza uwe wa pili.

Tofauti yake ni nini?

Betri ina ncha mbili, chanya na hasi, na hazibadilishani nafasi. Kwa hiyo umeme wake hutiririka upande mmoja tu. Huo ndio mkondo mnyoofu, na paneli ya sola nayo hutoa wa namna hiyo. Umeme wa ukutani huenda mbele na kurudi nyuma, mara 50 kila sekunde kwa Tanzania na Kenya. Nguvu yake ya msukumo ni takriban volti 230 hadi 240.

Betri ya simu hujazwa kwa kusukumiwa umeme upande mmoja. Ukiipa mkondo geu, kile kilichoingia kingetolewa papo hapo, na volti 230 zingeiunguza kabla ya hapo. Ndiyo maana chaja hushusha volti na kuunyoosha mkondo.

Kwa nini basi ukutani pasiwe na mkondo mnyoofu?

Sababu ni safari ya waya. Ili kupata wati 2,300 kwa volti 230, waya hubeba ampea 10. Kwa volti 12, ungehitaji ampea zaidi ya 190, na waya wa kawaida ungeungua. Kwa hiyo umeme husafirishwa kwa volti nyingi sana, kisha hushushwa karibu na nyumba. Kifaa rahisi cha kupandisha na kushusha volti ni transfoma, nayo hufanya kazi kwa mkondo unaobadilika tu. Ukiiunga kwenye betri haitoi kitu upande wa pili. Hupata joto tu, na inaweza kuungua.

Siku hizi mitambo ya kielektroniki inaweza kubadili volti za mkondo mnyoofu pia. Njia ya umeme ya volti 500,000 kutoka Ethiopia hadi Suswa, Kenya, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, hutumia mkondo mnyoofu. Hata hivyo vituo vyake vya kugeuzia mkondo ni ghali, hivyo hutumika kwa masafa marefu.

Hasara iliyojificha kwenye inveta

Nyumba yenye sola hukutana na mikondo yote miwili. Tuseme kuna betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 50. Ukizidisha unapata wati-saa 600, lakini isishushwe chini ya nusu ikiwa unataka idumu. Zinabaki wati-saa 300 za kutumia.

Kujaza simu moja ya kawaida huhitaji kama wati-saa 25. Wengi huwasha inveta, huchomeka chaja, kisha hulala. Hapo umeme mnyoofu wa betri umegeuzwa kuwa mkondo geu, halafu chaja inaunyoosha tena. Inveta ndogo inaweza kula kama wati 10 hata ikiwa haina mzigo. Kwa saa 10 za usiku hizo ni wati-saa 100, yaani mara nne ya mahitaji ya simu yenyewe. Taa tatu za wati 5 zingewaka zaidi ya saa sita kwa umeme huo.

Njia nafuu ni chaja ya gari, ile inayopokea volti 12 na kutoa volti 5. Haihitaji inveta.

Tahadhari ya swichi

Usichukue swichi ya ukutani ukaitumia kuzima mzigo mkubwa wa betri au paneli. Mkondo geu hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inayoruka swichi inapofunguka huzimika haraka. Mkondo mnyoofu haupiti sifuri, na cheche yake inaweza kuendelea kuwaka hadi kuyeyusha swichi. Dalili zake ni swichi yenye joto, harufu ya plastiki iliyoungua, au weusi kando ya kitufe. Nunua swichi au fyuzi iliyoandikwa DC, yenye volti na ampea zisizopungua zile za mfumo wako.

Na kabla ya kuunga kifaa chochote, tafuta alama ile ndogo: kiwimbi, au mstari mnyoofu wenye vikato. Ukiona mstari, hakikisha pia chanya inakutana na chanya, na hasi na hasi.