Bei ya Kitanda Nairobi: Kutoka Wiki ya Farasi Hadi Kalenda ya Gigiri

Mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani ulifunguliwa katika jumba la KICC tarehe 15 Desemba 2015, na ulipangiwa kufungwa tarehe 18. Siku hiyo ikapita bila mwafaka. Wajumbe walivutana kuhusu ruzuku za mazao yanayouzwa nje, na makubaliano yakapatikana tarehe 19. Magazeti yaliandika kuhusu ruzuku. Lakini kwa mtu anayepanga bei za vyumba hotelini, habari ya siku hiyo ilikuwa nyingine: wageni kutoka kila pembe ya dunia walihitaji usiku mmoja ambao hawakuwa wameulipia, tena katikati ya Desemba, wakati wenyeji wa Nairobi wanafunga virago kwenda mashambani na Mombasa na vyumba vya jiji hubaki vitupu.

Usiku huo mmoja una historia ndefu nyuma yake. Biashara ya vyumba Nairobi ilianza kwa kufuata farasi, bei ikafuata mvua na nyumbu, na leo inafuata mikutano.

Mwaka 1902 Mayence Bent alianzisha hoteli ya Stanley katika Barabara ya Victoria, ambayo sasa ni Tom Mboya. Moto uliikumba barabara hiyo mwaka 1905, na mwaka 1913 ikafunguliwa New Stanley mahali ilipo hadi leo, kwenye pembe ya Kenyatta Avenue na Kimathi. Norfolk ilikuwa imefungua milango siku ya Krismasi mwaka 1904. Hoteli hizo ziliwalaza Wazungu pekee. Mwafrika aliingia kwa mlango wa wahudumu. Wageni wengi wa hoteli hizo walikuwa walowezi waliokuja mjini kwa shughuli za serikali, kwa benki, na zaidi ya yote kwa wiki ya mbio za farasi, ambapo mji ulijaa pomoni. Bei ilikuwa moja iliyoandikwa kwenye kadi, chakula kikiwemo, na aliyechelewa hakutozwa zaidi. Alikosa kitanda tu.

Safari za kitalii zilipokua baada ya uhuru, kadi hiyo ilipata safu zaidi. Hilton na InterContinental zilifunguliwa zote mwaka 1969, na mgeni wao mkubwa alikuwa mtalii anayelala jijini usiku mmoja kabla ya kwenda Maasai Mara au Amboseli. Bei zilikubaliwa na mawakala wa Ulaya karibu mwaka mzima kabla, zikachapishwa, zikabaki hivyo. Kulikuwa na msimu wa juu, yaani Julai hadi Oktoba nyumbu wakiwa Mara na tena kuanzia Krismasi, na msimu wa chini wa mvua ndefu, Aprili na Mei. Mvua ndefu zikianza, bei ilishuka, hata kama jiji lenyewe limejaa wafanyabiashara wasiojali kama nyumbu wamevuka mto au la.

Hapo ndipo kadi ilipoanza kusema uongo. Desemba 1972 Umoja wa Mataifa uliamua kuweka makao ya shirika lake la mazingira, UNEP, Nairobi. Septemba 1973 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilifanya mkutano wao wa mwaka KICC, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, jengo lenyewe likiwa limekamilishwa kwa haraka ili kuupokea. Mgeni wa aina mpya alikuwa amefika. Huyu hulala Jumatatu hadi Alhamisi, halipi kwa mfuko wake, na huarifiwa kuhusu safari yake majuma mawili kabla, pengine siku nne.

Wakati huohuo, mbali na hapa, mtu mmoja alikuwa akipiga hesabu iliyomhusu mgeni huyo bila kumjua. Kenneth Littlewood alifanya kazi katika BOAC, shirika la ndege la Uingereza lililokuwa likitua Embakasi. Mwaka 1972 aliandika kanuni fupi: kubali abiria wa nauli ya chini mapema, mradi pesa yake inazidi ile unayoweza kutarajia kutoka kwa abiria wa nauli ya juu anayechelewa kuja. American Airlines ililigeuza wazo hilo kuwa mfumo wa kompyuta, na katika miaka ya 1980 kampuni ya hoteli ya Marriott ikalichukua. Kupitia hoteli za kimataifa na programu zao, likafika Nairobi.

Tuichukue kanuni hiyo tuione ikifanya kazi. Tuseme kuna hoteli ya vyumba 120 Westlands, usiku wa Jumanne. Mashirika yenye mkataba hulipa shilingi 12,000 na hubuku wiki kadhaa mapema. Mgeni asiye na mkataba, anayepiga simu siku tatu kabla, hulipa 20,000. Meneja anafungua rekodi za Jumanne 20 zilizopita na kuhesabu wageni wa kuchelewa. Katika Jumanne 15 walifika 30 au zaidi. Katika Jumanne 12 walifika 35 au zaidi. Katika Jumanne 8 tu ndipo walipofika 40 au zaidi.

Sasa anajiuliza: chumba cha 30 nikikificha kwa ajili ya mchelewaji, kina thamani gani? Kitauzwa mara 15 kati ya 20, kwa hiyo thamani yake ni robo tatu ya 20,000, yaani 15,000. Hiyo inashinda 12,000 za mkataba, basi kifichwe. Chumba cha 35 kitauzwa mara 12 kati ya 20, thamani yake 12,000, sawa kabisa na mkataba. Cha 40 kina thamani ya 8,000 pekee. Afadhali kiuzwe kwa shirika mapema. Kwa hiyo hoteli hii inawauzia wenye mkataba vyumba 85, kisha inawaambia kwamba bei yao imekwisha, huku vyumba 35 viko wazi. Mteja anayeona hivyo huhisi amedanganywa. Hajadanganywa, vyumba hivyo vinamsubiri mtu ambaye bado hajui kwamba atasafiri.

Wengi hulinganisha mambo haya na nauli ya matatu mvua ikinyesha jioni. Kuna tofauti moja: kondakta huwaona abiria wamejipanga stejini kabla ya kutamka bei. Meneja wa hoteli lazima aamue kabla foleni haijatokea.

Akikosea, dalili huonekana kwa njia mbili. Ikiwa hoteli imejaa wiki tatu kabla ya tarehe, bei ya mapema ilikuwa ya chini mno na wachelewaji wamekwenda kwa jirani. Ikiwa usiku wenyewe vyumba 20 vimelala vitupu ilhali mashirika yalikataliwa, ameficha vyumba vingi kupita kiasi. Ndiyo maana kazi yake ya kila asubuhi ni kutazama jedwali linaloonyesha vyumba vilivyobukiwa jana kwa kila tarehe ya mbele, na kulilinganisha na hali ya tarehe kama hiyo mwaka jana, zikiwa zimebaki siku zilezile.

Linganisho hilo la mwaka jana ndilo linalowaponza wengi Nairobi. Pwani, Agosti hufanana na Agosti. Hapa tarehe zinahama. Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikaa Gigiri, yalipo makao ya UNEP, Juni 2014, kisha Mei 2016, Desemba 2017, Machi 2019, na mwishoni mwa Februari 2022 na 2024. Anayepanga bei ya Februari 2023 kwa kunakili ya 2022 atamfukuza kila mteja. Na anayepanga 2024 kwa kunakili 2023 atauza vyumba vyake kwa bei ya kutupa kabla ya wajumbe kuthibitisha safari zao. Septemba 2023 Mkutano wa Tabianchi wa Afrika ulikuja KICC bila kuwa na mwaka jana wowote wa kuulinganisha nao.

Kuna kikwazo kingine ambacho programu za Ulaya hazijakizoea. Wajumbe wengi husafiri kwa posho ya siku. Umoja wa Mataifa hupanga kiwango chake kwa kila jiji, na kiwango hicho huzingatia bei za hoteli za jiji hilo. Hoteli zikipandisha bei, posho huja nyuma yake. Ikishapanda, hoteli hazina sababu ya kushuka. Lakini kwa mkutano mmoja posho ni dari. Ukiipita, mjumbe anahamia fleti yenye fanicha Kilimani au Kileleshwa, zilizojaa kwenye mtandao miaka hii, anapika mayai yake mwenyewe na kubaki na chenji.

Ramani nayo imehama. Ofisi zilipotoka katikati ya jiji kwenda Upper Hill na Westlands, wageni walizifuata. InterContinental ilifungwa mwaka 2020 na Hilton mwisho wa 2022, mwaka uleule barabara ya juu kutoka Mlolongo ilipofika Westlands na kufupisha njia ya uwanja wa ndege. Kutoka Westlands hadi Gigiri ni mwendo mfupi kuliko kutoka Kimathi. Kwa hiyo leo mkutano wa Gigiri hujaza magharibi kwanza, na hoteli za katikati hupata mabaki, isipokuwa mkutano ukiwa KICC kwenyewe. Meneja wa hoteli ya katikati anayenakili bei ya Westlands siku ya mkutano wa Gigiri ataisubiri simu isiyolia.

Na hesabu hizi zote zina mpaka. Zinapanga foleni, haziwezi kuiita. Baada ya shambulio la Westgate Septemba 2013, na Machi 2020 ndege za abiria zilipozuiwa kwa sababu ya korona, kushusha bei hakukumleta mgeni, kwa kuwa bei haikuwa kizuizi chake. Hoteli zinazokata bei kwa nusu nyakati kama hizo huishia kugombania wateja walewale wachache, na mashirika hukumbuka bei hiyo ya majonzi kila mkataba unapokuja kujadiliwa upya. Kwa maoni yangu, kosa hilo limezigharimu hoteli za jiji hili zaidi ya mkutano wowote ambao ziliuza vyumba kwa bei ya chini.

Kwako msomaji unayekuja Nairobi kwa harusi au matibabu: tazama kwanza kalenda ya mikutano ya Gigiri na KICC kabla ya kutazama hali ya hewa. Ukiweza, ingia Ijumaa na kutoka Jumatatu, maana Jumanne na Jumatano ndizo ghali. Na kama lazima uje katikati ya wiki, buku mapema, kwani jijini humu, tofauti na Diani msimu wa mvua, anayengoja hadi dakika ya mwisho ndiye anayewekewa chumba cha bei ya juu.